Kilichoandikwa kwenye Kile Kibandiko cha Kaunta

Kibandiko cha TANQR kwenye kaunta ya duka hakina pesa ndani yake. Kina mstari mmoja wa maandishi tu, uliochorwa kwa vijiraba vyeusi ili kamera ya simu iusome. Sehemu yake huwa hivi:

```
53038345802TZ5912DUKA LA ASHA
```

Tarakimu mbili za kwanza hutaja aina ya taarifa, mbili zinazofuata urefu wake. Kwa hiyo 53 ni sarafu, yenye tarakimu 3: 834, yaani shilingi ya Tanzania. 58 ni nchi. 59 ni jina la duka, herufi 12 pamoja na nafasi. Kwingineko imo namba ya mfanyabiashara, ndiyo inayoelekeza malipo.

Kibandiko cha kudumu kwa kawaida hakitaji kiasi, hivyo mteja huandika mwenyewe 4,500 ya sukari. Akishaweka namba ya siri, simu hutuma ombi kwa benki au mtandao wake. Hapo ndipo pesa huhama.

Herufi nne za mwisho hugundua msimbo uliosomwa vibaya. Tapeli akibandika wake juu, zitakubali tu. Soma jina kwanza kabla ya kuweka namba ya siri, na muuzaji asubiri ujumbe kwenye simu yake mwenyewe.