Je, Wajua? Nyufa za pembe za mdomo si baridi tu

Juni na Julai, baridi ya Arusha inapokaza, midomo hukauka na wengi hupaka mafuta ya mgando. Lakini ufa mwekundu unaouma kwenye pembe zote mbili za mdomo, unaopona na kurudi, mara nyingi una chanzo kingine.

Mfikirie bibi wa Tengeru mwenye meno ya bandia ya miaka 10. Meno yakishang'olewa, mfupa wa taya huendelea kupungua, na meno ya bandia nayo husagika. Akifunga mdomo, taya hukaribiana mno na ngozi ya pembeni hujikunja. Mate hutuama kwenye mkunjo huo na kuilainisha hadi ipasuke. Fangasi aina ya kandida, walioota chini ya meno hayo, huhamia hapo, wakati mwingine pamoja na bakteria.

Krimu ya klotrimazoli huweza kutibu fangasi wa kwenye ufa, ila meno yasiposafishwa watarudi. Bibi ayavue usiku, ayasugue kwa brashi na sabuni, na ayalaze ndani ya maji safi. Daktari wa meno ndiye atakayeyarekebisha au kutengeneza mapya.

Asiye na meno ya bandia, au ambaye nyufa zake hazijapona baada ya wiki 2 za dawa, apimwe damu: upungufu wa madini ya chuma au vitamini B, kisukari na VVU huweza kujionyesha hapo.