Bilansi inasema tumepata faida: je, mpunga wa depo unakubali?

Wakati wa mkutano mkuu kontabule anasoma bilansi, watu wanapiga makofi, kisha swali la kwanza ni: "Ristune ni ngapi?" Kabla ya swali hilo kuna mahesabu mawili ambayo kila mwanamemba anaweza kufanya kwa kalamu. Tuchukue mfano wa koperative ya mpunga, kama zile za bonde la Ruzizi. Namba ni za mfano tu, kwa dola.

Tarehe 31 Desemba, kese na banki ina 900. Wateja waliochukua mchele kwa deni wanadaiwa 2.400. Stoki ya mpunga ndani ya depo inaandikwa 5.700. Hiyo yote ni mali ya karibu, yaani mali inayotakiwa kugeuka makuta ndani ya mwaka mmoja: 9.000. Madeni ya kulipa ndani ya mwaka huo ni 6.000: mkopo wa msimu 3.000, wanamemba waliotoa mpunga na hawajalipwa 2.400, na muuzaji wa mbolea 600. Mashine ya kukoboa na depo yenyewe ni 11.000. Mkopo mrefu wa mashine ni 4.000, na hauanzi kurudishwa mwaka huu.

Hesabu ya kwanza: 9.000 gawanya kwa 6.000, unapata 1,5. Maana yake, kwa kila dola moja ya deni la karibu kuna dola moja na nusu ya kuilipa. Chini ya 1, mali yote ya karibu haitoshi kulipa.

Hesabu ya pili ni faida ya mtaji. Mali yote ni 20.000. Toa madeni ya karibu, inabaki 14.000: hiyo ndiyo mtaji unaofanya kazi, 10.000 ya wanamemba na 4.000 ya mkopo mrefu. Mwaka huu ziada ni 500, na riba iliyolipwa ni 900. Tunajumlisha zote mbili, kwa sababu riba pia ilizaliwa na mtaji huo, ila ilienda banki. 1.400 gawanya kwa 14.000 ni 10%. Lakini mkopo wa mashine unalipiwa riba ya 18% kwa mwaka. Makuta yanazaa 10 na yanalipiwa 18: tofauti inatoka kwenye fungu la wanamemba, ndiyo maana 10.000 yao imebakiza 500 tu, yaani 5%.

Mpaka hapo kontabule amegawanya vizuri. Sasa mimi, kama agronome, naomba ufunguo wa depo.

Ile 5.700 ni kilo 19.000 zilizonunuliwa kwa dola 0,30. Zilipimwa siku ya kupokea, mpunga ukiwa na unyevu wa 18%. Ukikauka mpaka 14%, kila kilo 100 inabaki kilo 95 na kidogo. Hakuna mwizi, ni maji yamepanda hewani. Kwa hiyo mzani leo unaonyesha karibu kilo 18.100. Tena, mifuko iliyolazwa moja kwa moja kwenye sima, pembeni ya ukuta, imeota ukungu: kilo 3.100 si za kuuza kwa watu. Zinabaki kilo 15.000, sawa na dola 4.500. (Kama hamna kipima unyevu, weka mpunga na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, ngoja kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, mpunga ungali juu ya 15%, msiuweke kwenye depo.)

Kisha deni la wateja. Ndani ya 2.400 kuna 600 ya mtu aliyehama miaka miwili iliyopita. Hiyo ifutwe.

Rudia hesabu: 900 na 1.800 na 4.500 ni 7.200. Gawanya kwa 6.000: 1,2. Bado juu ya 1, ndiyo, lakini bila mpunga kuna 2.700 tu, yaani 0,45. Banki ikidai 3.000 yake mwezi wa pili, kabla mpunga haujauzwa, kese haitatosha.

Na faida? Tumepoteza 1.800, na ziada ilikuwa 500. Kumbe ni hasara ya 1.300. Ukirudisha riba ya 900, inabaki hasara ya 400 juu ya mtaji wa 12.200: pungufu ya 3% na zaidi kidogo. Ile ristune ya 500 ingetoka kwenye makuta ya mwanamemba ambaye mpunga wake haujalipwa.

Kwa hiyo, mbele ya mkutano, komite ya ukaguzi ipime mifuko upya pamoja na kontabule tarehe 31 Desemba, isitegemee daftari la kupokelea. Iombe pia orodha ya wadaiwa yenye tarehe ya kila deni. Ndani ya bilansi ya OHADA stoki iko klasi ya 3, wadaiwa na wanaotudai wako klasi ya 4, kese na banki klasi ya 5. Klasi ya 4 isomwe polepole, maana pande zote mbili zinakaa humo.