Limau, siki na moto wa kifuani

SWALI: Nikila wali wa nazi na maharage usiku, tumbo hunijaa, na nikijilaza kifua kinawaka hadi kooni. Shangazi amenishauri maji ya uvuguvugu yenye limau au kijiko cha siki. Ni dawa kweli?

JIBU: Si dawa, na kwako huenda ikauchochea huo moto. Una matatizo mawili. Kujaa tumbo ndiko kuvimbiwa. Moto wa kifuani ni kiungulia: msuli unaobana mwisho wa umio umelegea, tindikali ya tumboni ikapanda. Tumbo limetandikwa ute mzito wa kulikinga, umio hauna. Limau na siki nazo ni tindikali, na zinapita palepale palipochubuka.

Wanaoisifu siki husema tumbo limepungukiwa na tindikali. Lakini tindikali ya tumbo lenye afya ni kali kuliko siki yenyewe, sembuse kijiko kimoja kilichozimuliwa kwenye glasi ya maji. Isitoshe, siki huweza kuchelewesha chakula kutoka tumboni, na wewe shida yako ni hiyohiyo, chakula kukaa.

Simlaumu shangazi, maana wapo wanaopata nafuu kweli. Ila tazama wanavyofanya: wanaketi wima, wanakunywa kitu cha moto polepole, wanacheua, na nusu saa inapita chakula kikiendelea kushuka. Jaribu siku chache kunywa maji hayohayo bila limau. Nafuu ikija vilevile, basi si limau iliyokusaidia.

Kwako ningeanza na saa ya kula. Tui zito lina mafuta, na mafuta hukawia tumboni. Ukila saa tatu na kulala saa nne, unajilaza na tumbo lililojaa. Kula saa moja, upunguze tui na kiasi cha wali, ulale saa nne. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, upande huo uinuke kama sentimita 15. Kurundika mito hakufai, kwa sababu unakunja kiuno na tumbo linabanwa. Moto ukikuzidi, vidonge vya kupunguza tindikali vya duka la dawa hutuliza kwa muda, vitafune vizuri.

Mfamasia atakuuliza kama unatumia diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Mjibu kweli, kwani dawa hizo huweza kutoboa vidonda tumboni, na limau haiviponyi.

Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, chakula kikikwama unapomeza, au ukikonda bila sababu, nenda hospitali. Na kifua kikikubana huku jasho linakutoka na maumivu yanashuka mkononi au kupanda tayani, huo unaweza kuwa moyo. Usisubiri maji yachemke. Mwamshe mtu akupeleke saa hiyohiyo.