Blichi kwenye Kichwa cha Namba Mbili

Tarehe 26 Juni 1998 timu ya taifa ya Romania iliingia uwanjani Saint-Denis, Ufaransa, kupambana na Tunisia katika Kombe la Dunia, na karibu wachezaji wake wote walikuwa na nywele za manjano. Kipa Bogdan Stelea ndiye hakupakwa, kwa sababu alikuwa na upara. Mechi iliisha kwa sare ya 1-1, lakini watu wanaikumbuka kwa vichwa. Wanasoka wengi wamefuata mtindo huo tangu wakati ule, na mashabiki wao wakawafuata. Siku hizi kijana anayekwenda kwa kinyozi akitaka rangi ya dhahabu hazungumzii nywele ndefu. Anataka anyolewe kwa mashine, namba moja au namba mbili, kisha apigwe blichi juu yake.

Wengi huona hiyo ndiyo blichi rahisi kuliko zote. Nywele ni chache, dawa inayotumika ni kidogo, na zikiharibika zinanyolewa, mambo yakaisha. Kwa upande wa nywele, hoja hiyo ni ya kweli kabisa. Namba mbili huacha nywele za milimita 6 hivi, na nywele za kichwa hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Maana yake unywele ule wote ulitoka kichwani ndani ya wiki mbili au tatu zilizopita. Haujachomwa na pasi ya nywele, haujawekwa dawa ya kulainisha, haujachakaa. Ni vigumu kuukata kwa blichi moja, na hata ukikatika utakuja mwingine.

Ngozi iliyo chini yake ndiyo inayobeba mzigo wote, na hainyolewi ikaota upya kwa mwezi mmoja.

Blichi ya saluni ni vitu viwili vinavyochanganywa papo hapo. Kimoja ni poda yenye chumvi za persulfati pamoja na viambato vya magadi vinavyoifanya nywele ivimbe na kufunguka. Kingine ni haidrojeni peroksaidi, maji mazito meupe yanayouzwa kwa nguvu mbalimbali: asilimia 3, 6, 9 na 12, ambazo kwenye chupa huandikwa pia kwa nambari 10, 20, 30 na 40. Ndani ya chupa peroksaidi imetulizwa kwa asidi kidogo. Ikikutana na poda, utulivu ule unaondoka, nayo inaanza kutoa oksijeni inayovunja chembe za rangi nyeusi ndani ya unywele. Kazi hiyo yenyewe huzalisha joto. (Jiki ya kufulia ni kemikali nyingine kabisa, na haina kazi yoyote kichwani kwa mtu.)

Joto ndilo linalobadilisha hesabu ya muda. Ngozi ya kichwa huwa na nyuzi joto 33 hadi 35 hivi, na mafundi wa kemia wana kanuni ya kukadiria kwamba mabadiliko mengi ya kikemikali huenda kasi karibu maradufu joto linapopanda kwa nyuzi 10. Msusi anayepaka blichi kwenye nywele ndefu ndani ya saluni yenye kiyoyozi anaijua tabia hii hata kama hajasoma kanuni yenyewe. Huanza katikati ya nywele na kwenye ncha, akaacha sentimita moja au mbili karibu na ngozi, na mashina anayapaka mwisho. Akianza na mashina, yatakuwa ya manjano huku ncha zingali nyekundu.

Sasa mtazame mtu wa namba mbili. Nywele zake zote, kuanzia shina hadi ncha, ziko ndani ya ile sentimita ambayo msusi huiogopa. Na kama ni nywele za kipilipili, zile milimita 6 zimejikunja, zimelala karibu zaidi na ngozi. Rangi itatoka upesi na kwa usawa, jambo ambalo ni zuri. Lakini hakuna tena sehemu ya kuachwa. Kwenye nywele ndefu dawa huweza kufungwa ndani ya karatasi ya foili isiguse kichwa. Hapa nywele ni kama majani mafupi ya uwanja wa mpira: ukimwagia majani umemwagia udongo. Ngozi inakaa chini ya dawa kwa dakika zote ambazo nywele zinakaa.

Kwa sababu hiyo nguvu ya peroksaidi ina mpaka. Dawa inayogusa ngozi isizidi asilimia 6, yaani nambari 20. Asilimia 9 na 12 zimekusudiwa nywele zilizotengwa na kichwa, na kuziweka juu ya kichwa kilichonyolewa ili kuokoa dakika kumi ni kosa linaloweza kuacha kidonda. Ni kosa vilevile kumkalisha mtu chini ya mashine ya kukaushia ya joto, au kumfunika mfuko wa nailoni na kumwacha juani. Kazi inayofanyika Dar es Salaam mwezi Februari, ndani ya chumba chenye nyuzi 31, haihitaji kuongezewa moto wowote.

Tuchukue mfano wa kijana mwenye nywele nyeusi za asili, namba mbili, anayetaka dhahabu. Ananyolewa siku mbili au tatu kabla, wala si siku ileile. Mashine na wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, na dawa huipata mara moja. Tangu hapo hasugui wala hakuni kichwa, na siku moja kabla hakioshi, kwa kuwa mafuta yanayotolewa na ngozi yenyewe ni kinga kidogo. Saa 48 kabla amejaribishwa dawa sehemu ndogo ya ngozi kwa kufuata maelezo ya pakiti, kwani zile persulfati huwaletea baadhi ya watu mzio wa vipele na hata kubanwa na kifua.

Kabla ya kuchanganya chochote, kinyozi anakikagua kichwa kwenye mwanga. Mapunye, mba uliochubuka, kidonda, au vile vinundu vya kisogoni wanavyovipata wanaume wengi baada ya kunyolewa, kila kimoja ni sababu tosha ya kuahirisha. Sijaona hoja yoyote ya urembo inayoizidi hiyo.

Gramu 30 za poda na mililita 60 za peroksaidi ya asilimia 6 hutosha kichwa kama hicho, ingawa kipimo cha kufuata ni kile cha pakiti husika. Kinyozi anavaa glavu, anapaka vaselini kwenye mstari wa nywele, masikioni na shingoni, kisha anaanza kisogoni na utosini kwenye nywele nzito. Mbele na kwenye vipaji anamalizia, maana huko nywele ni nyembamba na hupauka haraka. Analaza dawa juu ya nywele kwa brashi, haisugui ndani kwa vidole. Anapaka kwa unene wa kutosha isikauke, kwa sababu dawa iliyokauka haifanyi kazi tena kwenye nywele, bali inabaki kuwasha ngozi. Na anakwenda haraka, kichwa kizima ndani ya dakika kumi, la sivyo kisogo kitakuwa cha manjano huku paji likiwa jekundu.

Saa inahesabiwa tangu brashi ilipogusa kichwa kwa mara ya kwanza. Katika nywele ndefu wasusi wengi huhesabu tangu walipomaliza kupaka, nao wana sababu zao. Hapa ngozi ya kisogoni ilianza kuhesabu tangu mwanzo. Kila baada ya dakika tano kinyozi anafuta sehemu ndogo kwa kitambaa kibichi na kutazama. Nyeusi itakwenda kwenye kahawia nyekundu, kisha nyekundu, chungwa, halafu manjano iliyokolea. Safari hiyo haina njia ya mkato, na nywele nyeusi sana zinaweza kufikia muda wa mwisho wa pakiti zikiwa bado za chungwa. Muda ukifika dawa inaoshwa, rangi iwe imefika au haijafika. Rangi ya kijivu au nyeupe ya theluji kwa mkupuo mmoja usiitarajie.

Jambo linalonihangaisha zaidi ni dalili. Mafunzo mengi ya urembo humwambia fundi aangalie wekundu wa ngozi, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kwa shida au hauonekani kabisa. Peroksaidi pia huweza kuifanya ngozi iwe nyeupe kwa muda, na weupe huo ukaficha kilicho chini yake. Kwa hiyo anayepaswa kuulizwa ni mwenye kichwa. Kuwashwa kidogo, kuchonyota kunakokuja na kupotea, ni kawaida. Kuungua kunakozidi dakika hadi dakika, maumivu mahali pamoja panapohisi moto kuliko kwingine, uvimbe au majimaji, hizo ni dalili za kuosha mara hiyo hiyo. Hapo ni maji mengi ya bomba, ya baridi au vuguvugu, kwa dakika 20, bila kusugua. Malengelenge, kidonda kinachotoa maji, au kifua kubana, ni hospitali. Kovu la kuungua kwa kemikali linaweza kuua mashina ya nywele, na pale pakabaki kipara cha kudumu.

Kuna shida nyingine ambayo mtindo huu unaizaa wenyewe. Baada ya wiki mbili, milimita 5 hivi za nywele nyeusi zimeota chini ya zile za dhahabu. Ukirudi kunyoa namba mbili, mashine inaondoa karibu dhahabu yote. Ili ubaki nayo itabidi upake tena, na tena baada ya wiki mbili, na kila mara dawa inatua kwenye ngozi ileile. Mwenye nywele ndefu akirudia, fundi anaweza kupaka mashina peke yake kila baada ya wiki kadhaa. Wewe kila marudio ni kichwa kizima. Kurudia siku hiyohiyo kwa sababu rangi imetoka ya chungwa ni kubaya zaidi, kwani ngozi imekwisha kupoteza mafuta yake na imelainika. Afadhali tona hafifu ya kupunguza uchungwa, au kuipokea dhahabu iliyoiva jinsi ilivyo.

Ushauri wangu kwa anayeutaka mtindo huu ni auchukue kama rangi ya tukio moja: fainali, harusi, mwisho wa mwaka. Aufurahie wiki mbili tatu, kisha aunyoe na aiache ngozi ipumzike hadi isiwe na ukavu, mchubuko wala mwasho wowote. Na ukiwa umekaa kwenye kiti kichwa kikaanza kuungua, usimwonee haya kinyozi wala usingoje rangi ifike. Mwambie aoshe sasa hivi, na akichelewa, inuka uende bombani mwenyewe.