Maandishi nyuma ya mhusika

Maandishi nyuma ya mhusika ni mbinu ya kutengeneza bango ambamo neno kubwa hukaa kati ya mhusika wa picha (mtu, mnyama au kitu) na mandhari iliyo nyuma yake. Jicho huona kitu kinachokinga kingine kuwa ndicho kilicho karibu, kwa hiyo picha bapa huonekana kuwa na kina.

Mpangilio wa matabaka

Picha ile ile hutumika mara mbili. Tabaka la chini ni picha nzima, la kati ni maandishi, na la juu ni nakala ya picha ambayo imefichwa yote isipokuwa mhusika. Kazi ya kuficha hufanywa na barakoa: penye rangi nyeusi tabaka halionekani, penye nyeupe huonekana, na penye kijivu huonekana nusunusu. Barakoa haifuti kitu, hivyo kosa husahihishwa kwa kupaka rangi ya kinyume.

Mfano: komba wa Rondo

Tuseme bango linahusu komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku aliyepewa jina la uwanda wa Rondo katika Mkoa wa Lindi, na neno lake ni RONDO. Katika programu ya GIMP, picha hunakiliwa kwa `Duplicate Layer`, kisha nakala huongezewa barakoa kwa `Add Layer Mask`, ukichaguliwa weusi, `Black (full transparency)`. Nakala yote hutoweka. Barakoa ikiwa imechaguliwa, komba hupakwa nyeupe kwa brashi mpaka arudi. Mwishoni neno huandikwa, na tabaka lake huwekwa katikati. Doa jeupe likitokea juu ya picha yenyewe, maana yake aliyepaka alichagua picha badala ya barakoa.

Mwili hauna taabu. Taabu iko mkiani. Mkia wa komba huyu una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa, na kati ya unywele na unywele kuna giza la usiku. Brashi yenye ukingo mkali hulibeba giza hilo, na juu ya herufi nyeupe huonekana kama mstari mchafu kuuzunguka mkia. Brashi ndogo yenye ukingo laini hupunguza tatizo, lakini haliishi. Njia rahisi ni kusogeza neno ili likutane na mgongo au kichwa, si mkia.

Kinachosogezwa ni neno tu. Tabaka la juu likisogezwa, komba wawili huonekana, kwa sababu yule wa chini bado yupo.

Usomaji wa neno

Herufi hustahimili kufunikwa sehemu, lakini si kila sehemu. Mguu wa R ukifichwa neno husomeka PONDO, ambalo ni mti wa kusukumia chombo. Kichwa cha komba kikichomoza katikati ya O, ambapo ni patupu, hakipotezi kitu.

Kazi huhifadhiwa kwa muundo wa `XCF`, kwani `JPEG` huunganisha matabaka yote kuwa moja.