Ndoo ya Maji ya Tausi

Mzee aliyemleta Tausi kliniki hakuanza na tumbo wala kutapika. Alianza na maji. "Daktari, mbwa huyu anakunywa kama ng'ombe. Asubuhi namjazia ndoo ya lita tano, jioni imekauka. Usiku anakojoa barazani, na hajawahi kuwa na tabia hiyo." Chakula alikuwa amekisusa kwa siku tatu na alishatapika mara mbili. Kwa kuwa tumbo lilikuwa limejaa, nyumbani walidhani ana mimba, na duka la dawa za mifugo likawauzia dawa ya minyoo.

Tausi ni chotara mwenye damu ya mbwa wa Kijerumani, miaka 8, kilo 28. Mbwa wa uzito huo akiwa mzima hunywa lita moja na nusu hivi kwa siku. Akizidi lita tatu, kuna jambo. Nikauliza swali ambalo siku hizi naliuliza kabla sijamgusa jike yeyote ambaye hajatolewa kizazi: "Mara ya mwisho alipata joto lini, mzee?"

Akahesabu kwa vidole. Madume wa mtaa walikuwa wamelala getini kwake kiasi cha wiki saba zilizopita. Amezaa mara moja tu, na tangu hapo alikuwa akichomwa sindano ya kuzuia mimba kila mwaka.

Ugonjwa uliokuwa mbele yangu huitwa piometra, yaani usaha ndani ya mfuko wa uzazi, na hesabu ya wiki ndiyo inayoufichua. Joto la mbwa jike likiisha, homoni ya projesteroni hubaki juu kwa takriban miezi miwili, awe amepandwa au hakupandwa. Mwili wake hujiandaa kubeba mimba hata kama mimba haipo. Ukuta wa mfuko hunenepa na tezi zake hutoa majimaji, misuli yake hutulia isisukume kitu nje, na kinga ya mle ndani hupunguzwa makali ili isiwashambulie watoto. Kila joto linalopita bila mimba huuacha ukuta ule mnene zaidi. Bakteria waliopanda wakati mlango wa kizazi ulipokuwa wazi, mara nyingi E. koli wa kinyesi cha mbwa mwenyewe, hukuta chumba chenye joto, chenye lishe na kisicho na mlinzi. Wiki nne hadi nane baadaye chumba hicho kimejaa usaha. Sindano za kuzuia joto nyingi ni za homoni ya jamii hiyohiyo, na zile za uzazi wa mpango za binadamu, ambazo watu huwachoma mbwa kwa sababu ni rahisi, zinafanya kazi hiyohiyo. Mzee alidhani anamkinga Tausi, na nilisikitika kumweleza kwamba sindano zile ziliuandalia ugonjwa njia.

Kuhusu maji: sumu ya bakteria hao huingia kwenye damu na kuifanya figo isiitikie homoni inayoiamuru ibane mkojo. Maji yanapotea, naye anakunywa ili afidie. Tafadhali usimfichie ndoo kwa sababu anakojoa ndani. Unamkausha mgonjwa.

"Lakini hatokwi na uchafu wowote, daktari," mzee alisema. "Nyuma yupo safi kabisa." Alilisema kama habari njema, na hapo ndipo nilipozidi kuingiwa na hofu. Mlango wa kizazi ukiwa wazi, usaha hutiririka, mzito, wenye rangi ya maziwa ya chokoleti au wenye damu, na harufu yake huijaza nyumba. Mwenye mbwa huona, hukimbia kliniki. Mlango ukifunga, usaha hauna pa kutokea. Mfuko hutanuka, ukuta huwa mwembamba, sumu huzidi kufyonzwa. Mbwa msafi nyuma anaweza kuwa mgonjwa kuliko yule anayechafua sakafu.

Tulichukua damu. Chembe nyeupe za mbwa mzima huwa kati ya 6,000 na 17,000 kwa kila maikrolita. Tausi alikuwa na 41,000, na nyingi zilikuwa changa, dalili kwamba uboho unapeleka vitani askari ambao hawajamaliza mafunzo. Alikuwa na upungufu kidogo wa damu, na kreatinini ilikuwa imepanda, maana figo zilishaanza kuelemewa. Ila idadi hii ina mtego. Niliwahi kumpokea jike mwenye chembe nyeupe 4,000 tu, na mwenyewe akafurahi kwamba haziko juu. Zilikuwa chache kwa sababu zote zilikuwa zimemalizikia kwenye usaha na uboho umeshindwa kuzifidia. Huyo alikuwa mahututi kuliko Tausi. Wala joto la mwili lisimtulize mtu: wengine hawana homa kabisa, na aliyepoa chini ya kawaida ndiye wa kuogopewa.

Kisha ultrasaundi. Mfuko wa uzazi wa mbwa una pembe mbili, kila moja ikiwa nyembamba kama penseli anapokuwa mzima. Kwenye skrini ya Tausi kulikuwa na mirija minene iliyojikunja juu ya kibofu, mipana kama sentimita 4, imejaa kitu cheusi chenye chembechembe zinazoelea taratibu. Mzee aliinama kutazama. "Watoto wako wapi?" Mimba ya wiki saba ingeonyesha mioyo inayodunda na mifupa ya mbavu. Pale palikuwa kimya. Mkojo wake hatukuuchukua kwa kupitisha sindano tumboni kama tufanyavyo siku nyingine, maana ncha ikiutoboa mfuko ule, usaha unamwagika tumboni.

Mzee akaomba antibaiotiki hadi mwisho wa mwezi, mshahara utoke. Namwelewa, na wengi huomba hivyo. Lakini dawa haiwezi kumaliza lita mbili za usaha zilizofungiwa, na homoni inayoufunga mfuko bado iko kazini. Mbwa huchangamka siku mbili, kisha figo zinasimama, au mfuko unapasuka. Zipo dawa za kuipinga projesteroni na kuufungua mfuko, ila hutumika kwa jike mdogo wa kuzalisha ambaye mlango wake uko wazi na hali yake ni nzuri, na ugonjwa mara nyingi hurudi katika joto linalofuata. Tausi hakuwa na sifa hata moja. Tulikubaliana alipe kwa mafungu.

Kutongoja hakumaanishi kumkimbiza mezani akiwa amekauka. Usingizi wa dawa ungemuua. Tulimwekea dripu, tukampa antibaiotiki ya mshipani na dawa ya maumivu, tukafuatilia mapigo, ufizi na sukari. Baada ya saa tatu ufizi ulirudisha rangi yake, tukaanza. Chale lilikuwa refu kuliko la kumfunga kizazi jike mzima, kwa sababu mfuko ule haubanwi wala hauvutwi. Unanyanyuliwa kwa viganja viwili kama puto lililojaa maji. Tukafunga mishipa ya damu, tukatoa vifuko vyote viwili vya mayai pamoja na mfuko mzima hadi kwenye mlango wake. Kipande cha kifuko cha mayai kikisahaulika, homoni inabaki, na usaha unaweza kurudi kwenye kisiki.

Mfuko wa Tausi ulikuwa na kilo 2.3 kwenye mizani. Nilimwita mzee aushike kwenye beseni. Akaunyanyua, akautua, akasema, "Alikuwa anatembea na hiki?"

Usiku ule hatukumwondolea dripu. Asubuhi aliramba uji wa mchuzi, na siku ya tatu alirudi nyumbani. Nyuzi nilizitoa siku ya 12. Mzee alinieleza kwamba bado anaijaza ndoo ileile ya lita tano, na jioni anamwaga maji kwenye migomba.