Mteja Mpole Mkiani mwa Foleni

Chukulia jumbe mbili zinaingia dakika moja katika kitengo cha huduma kwa wateja cha kampuni ya simu. Wa kwanza unasema: "MTANDAO WENU MBOVU KABISA!!! MNATUIBIA BANDO!!!" Wa pili: "Habari za asubuhi. Samahani kwa usumbufu, nimekosea namba nikatuma 80,000 kwa mtu nisiyemfahamu. Naomba mnisaidie, asante."

Wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu, kwa hiyo kompyuta ndiyo inayopanga nani ajibiwe kwanza. Njia nyepesi ni kamusi ya maneno yenye alama. VADER, programu ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 2014, ina maneno zaidi ya 7,000, kila moja na uzito wake wa uzuri au ubaya. Hujumlisha uzito huo, huongeza makali palipo na alama za mshangao au neno la herufi kubwa katikati ya madogo, kisha hutoa jibu moja kati ya -1 na +1. Walio karibu na -1 huletwa mbele.

Tuipe kamusi kama hiyo maneno ya Kiswahili. "Mbovu" tuliwekee -3, na "mnatuibia" -3. Ujumbe wa kwanza unapata -6. Katika wa pili, "nimekosea" linapata -1, lakini "naomba" lina +1, "mnisaidie" +2 na "asante" +2. Jumla ni +4. Aliyepoteza pesa anapelekwa mkiani, na huko anasubiri huku aliyezipokea akielekea kwa wakala kuzitoa. Mwenye bando angeweza kungoja hadi jioni bila kupoteza zaidi.

Kosa hapa si la hesabu. Mashine imepima hasira sawasawa, ila hasira haisemi jambo lina haraka kiasi gani. Na katika mwambao huu, ambako mtu huanza kwa salamu hata akiwa taabuni, adabu yenyewe inamshusha.

Kuna mifumo inayojifunza kutoka kwa mifano badala ya kamusi. Mwaka 2023 mkusanyiko wa AfriSenti ulitoa twiti za lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, zilizowekewa alama na wasemaji wenyewe. Mfumo wa namna hiyo unaweza kushika kwamba "haijarudi" ni malalamiko, ingawa kukanusha kumefichwa ndani ya kitenzi. Hata hivyo, bado unapima hisia tu.

Suluhisho lenye nguvu zaidi ni kutafuta tukio kabla ya hisia: "nimekosea namba", "nimeibiwa simu", "laini imefungwa". Jumbe hizo zipite mbele hata zikiandikwa kwa upole wote, na kila ujumbe uzidi kupanda kadiri unavyokaa bila jibu. Kisha msimamizi asome kila siku jumbe chache za mkiani. Akikuta humo watu wanaoandika mara ya pili au ya tatu kuhusu pesa ileile, ajue upangaji umekosea.